Office: Kununua Mara Moja au Kulipia Kila Mwaka?

Swali: Mimi ni mwalimu, na kwenye kompyuta yangu ya mezani natumia Word na Excel tu. Ninunue Office ya kulipia mara moja, au nilipie Microsoft 365 kila mwaka? Ipi ni nafuu kwa muda mrefu?

Jibu: Kwa matumizi hayo, mwalimu, leseni ya kulipia mara moja ni nafuu kwako, ila isihesabiwe kuwa ni ya maisha. Office Home 2024 itaendelea kufunguka miaka mingi, lakini Microsoft itaacha kuipa masasisho ya usalama tarehe 9 Oktoba 2029, iwe uliinunua siku ilipotoka mwaka 2024 au mwezi uliopita. Kwa hiyo gawanya bei yake kwa miaka iliyobaki hadi tarehe hiyo. Kwa bei rasmi ya Marekani, ambayo ni takriban dola 150, anayeinunua Oktoba 2026 analipa kama dola 50 kwa mwaka, ilhali Microsoft 365 Personal ni dola 100 kwa mwaka. Katika miaka hiyo mitatu ni dola 150 dhidi ya 300. Kadiri unavyochelewa kununua ndivyo faida hiyo inavyopungua, na ikibaki miaka miwili au chini ya hapo ni bora usubiri toleo jipya kama lipo njiani.

Usajili una terabaiti moja ya hifadhi ya mtandaoni, na hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Kama faili zako ni mitihani na orodha za alama, gigabaiti 100 zitakutosha kabisa, nazo huuzwa kivyake kwa dola 20 hivi kwa mwaka. Ukiziongeza, jumla yako ya miaka mitatu inafika 210, bado chini ya 300.

Hesabu inageuka pale nyumba nzima inapohitaji programu hizi. Microsoft 365 Family ni dola 130 kwa mwaka kwa watu hadi sita, yaani 390 kwa miaka mitatu, wakati leseni ya kununua ni ya kompyuta moja tu. Leseni mbili ni dola 300, tatu ni 450. Kwa hiyo kuanzia mtu wa tatu usajili ndio nafuu. Kumbuka pia kwamba bei ya usajili haiko mikononi mwako: Personal ilipanda kutoka dola 70 hadi 100 mnamo Januari 2025, na ukiacha kulipa, Word itakufungulia faili usome na kuchapisha tu, bila kuhariri.

Nakusihi sana ujihadhari na leseni za "maisha" zinazouzwa dola 20. Baada ya kuweka programu, fungua Word, nenda `File`, kisha `Account`. Ukiona neno `LTSC` kwenye jina la bidhaa, hiyo ni leseni ya taasisi, wala haikukusudiwa kuuzwa kwa mtu binafsi, na inaweza kuzimwa wakati wowote. Dai fedha zako mapema, kabla muda wa kurejesha bidhaa haujapita.