Nani yuko ubavuni mwa nani? Kuhesabu walioketi kuzunguka sinia

Wanafunzi wapya wa hisabati hapa Lamu mimi huwaanzishia mada hii kwenye sinia. Karamuni, wanaume saba wameketi mkekani kuzunguka sinia moja la pilau: Lali, Shee, Famau, Kombo, Omari, Bakari na Athmani. Je, wanaweza kuketi kwa namna ngapi?

Wengi hukimbilia 7!, yaani 7×6×5×4×3×2×1 = 5040, kwa sababu wamezoea kupanga watu kwenye foleni. Sasa waambie wote saba wasogee nafasi moja kulia. Kila mtu bado ana jirani yuleyule kulia na yuleyule kushoto, kwa hiyo mkao ni uleule, lakini 7! imeuhesabu upya. Kila mkao umehesabiwa mara 7, basi jibu ni 5040 ÷ 7 = 720. Mimi napenda zaidi kumkalisha Lali kwanza, asisogee tena, kisha kuwapanga sita waliobaki: 6! = 720. Lali akishatulia, masharti ya ujirani huwa rahisi kuyashika.

Tuseme Shee ni lazima akae ubavuni mwa Lali. Wafungeni wawili hao wawe kitu kimoja. Badala ya vitu saba mnabaki na sita, na vitu sita kwenye duara hupangika kwa namna 5! = 120. Ndani ya fungu, Shee anaweza kuwa kulia au kushoto kwa Lali, basi 120 × 2 = 240. Msiishie hapo, lihakikini jibu kwa njia nyingine. Lali akiwa ametulia, Shee ana nafasi sita za kukaa, na mbili tu kati yake zinamgusa Lali. Mbili kati ya sita ni theluthi, na theluthi ya 720 ni 240.

Makosa mengi niyaonayo kwenye madaftari huja na sharti la pili. Famau naye anataka kukaa ubavuni mwa Lali. Mwanafunzi husema: jozi mbili, kila moja inageuka mara mbili, basi nazidisha kwa 4. Vitu vilivyobaki ni vitano, 4! = 24, na 24 × 4 = 96. Jibu hilo si sahihi. Lali yuko katika jozi zote mbili, kwa hiyo hakuna mafungu mawili hapa. Kuna fungu moja la watu watatu, Lali akiwa katikati, nalo lina sura mbili tu: Shee kulia na Famau kushoto, au kinyume chake. Jibu ni 24 × 2 = 48.

Hiyo 96 ni jibu la swali jingine: Shee akae na Lali, na Famau akae na Kombo. Hapo mafungu ni mawili kweli, kila moja linageuka peke yake. Maswali hayo mawili yanafanana sana kwa kusoma haraka, na ndiyo maana nawasihi mchore kabla ya kuzidisha. Andikeni majina, kisha pigeni mstari kati ya kila wawili wanaotakiwa kuwa majirani. Kila mnyororo wa majina yaliyoungana ni fungu moja, uwe wa watu wawili au watano, na kila mnyororo unazidisha kwa 2 mara moja tu, kwa kuwa unaweza kusomwa kutoka ncha hii au ile.

Mchoro huo pia huonyesha yasiyowezekana. Jina likiwa na mistari mitatu, jibu ni 0, maana kwenye duara mtu ana majirani wawili tu. Vivyo hivyo Lali akitakiwa kuwa na Shee, Shee na Famau, na Famau na Lali: mistari imejifunga kuwa pembetatu, na wanne waliobaki hawana pa kuingia. Jibu ni 0 tena, ingawa mtu anayefuata fomula bila kuchora atapata namba fulani na kuiamini.

Lisomeni pia swali lenyewe linasema nini kuhusu kulia na kushoto. Likisema mikao miwili ni sawa pale kila mtu anapokuwa na majirani walewale, upande wowote, basi mkao na taswira yake ya kioo huhesabiwa kimoja, na majibu yote hapo juu hugawanywa kwa 2: 720 huwa 360, na 48 huwa 24. Na kama nafasi zenyewe zina tofauti, tuseme moja inatazama mlango na mwenyeji anajali nani ataipata, kuzunguka kunabadilisha mkao. Hapo kulia na kushoto hubaki vilevile, hamgawanyi kwa 2, na ile 48 mnaizidisha kwa 7 kupata 336.