Wadogo wa finansi, musilinganishe tu miaka

Wiki hii nimesomea wadogo TP za struktur ya mtaji na nimekuta ile kosa ya zamani, kulinganisha miaka ya tekste na ya bibliografi bila kufungua makala, imerudi nzimanzima, haina hata aibu. Basi musikilize.

1. Liste ya bibliografi inakaguliwa njia mbili. Toka mu tekste kwenda liste, halafu toka liste kurudi mu tekste. Ctrl+F, piga 19, kisha 20, kila mwaka inayotokea uitafutie mwenyewe chini. Ukitafuta tu mabano yenye jina ndani utaruka wengi, juu kuna (Myers, 1984) na kuna Myers (1984).

2. Modigliani na Miller. Hapa ndipo tuliungua. Kwa kikundi chetu hapa Bukavu mwenzetu aliandika kama deni inaongeza bei ya kampuni kwa sababu riba inapunguza kodi, akaweka (Modigliani & Miller, 1958). Mu bibliografi ilikuwa 1963. Mie ndiye nilipewa kusahihisha, usiku, umeme inaenda inarudi, nikaona miaka haifanane nikasema aa, hii ni kosa ya kutaipu, nikafuta 1963 mu liste nikaweka 1958, vyote vikalingana, nikalala vizuri sana. Kumbe kichwa cha makala nilikiacha cha 1963, chenye neno Correction ndani. Profesa akauliza mbele ya promosion nzima: «Bana, hii masahihisho ya 1958 inasahihisha nini, na ya kwanza yenyewe ni ya 1958?» Walicheka mpaka wa nyuma kabisa.

Ile makala ya 1958 inajulikana kwa kusema kama soko ni kamili na hakuna kodi, kugawa deni na mtaji vyovyote vile hakubadilishe bei ya kampuni. Ya 1963 ndiyo wanajisahihisha wenyewe juu ya kodi: deni ya kudumu ya dola 1.000.000, kodi tuseme 30%, bei inapanda na 300.000. Sasa tulikuwa tunamtaja 1958 kwa maneno ya 1963! Tulipaswa kubadilisha mwaka mu tekste, si mu liste. Kwa hiyo miaka ikipishana, usiguse kitu mbele ya kufungua makala na kuangalia ni ipi inasema ile unasema.

3. Myers (1984) na Myers na Majluf (1984) ni makala mbili. Mukitaja zote, liste iwe na mistari miwili, musizichange.

4. Ripoti za Banque Centrale du Congo: zikiwa mbili za mwaka moja ni 2022a na 2022b. Mutu anafuta a mu liste, b inabaki yatima, na mu tekste a ingali inatembea. Ukifuta moja, ile herufi ya ingine itoke pia, pande zote mbili.

Na musiniambie «tunatumia Zotero». Zotero inalinganisha, haisome. Ukiichagulia 1958 itakuwekea 1958 juu na chini, safi kabisa, na profesa atauliza ile ile.