Pepa ikivuja: kwa nini huku wanafuta na kule wanaendelea (maswali yenu)

Pepa ikianza kuzunguka kwenye magrupu usiku wa kuamkia mtihani, wakubwa wanaanzia wapi?

Wanaanza na kitu kimoja tu, je hiyo pepa ni yenyewe? Anatafutwa mtu mwenye nakala halisi, na hao ni wachache sana, anakaa na ile picha analinganisha swali kwa swali, mpangilio wa namba, michoro, hata makosa ya uchapaji. Picha nyingi huwa feki, matapeli wanachukua pepa ya miaka ya nyuma wanabadilisha mwaka wanauza.

Ikionekana ni yenyewe linakuja swali la pili ambalo ndo zito zaidi, imetoka saa ngapi. Kama imepigwa picha watahiniwa wakiwa tayari wamekaa ndani hawana simu, hapo ni kosa la msimamizi au kituo fulani na wataadhibiwa, ila waliokuwa ndani hawajafaidika na chochote. Kama imetoka masaa kabla hapo ndo kuna kesi.

Na hapa watu wanapigwa sana. Kwenye Telegramu mwenye chaneli anaweza kuweka faili lolote jana, alafu leo mtihani ukishaisha anahariri ile posti anachomeka pepa halisi, saa inabaki ile ya jana. Ukiangalia vizuri utaona kuna alama kwamba posti imehaririwa, lakini mtu akiipiga skrinshoti akaisambaza nani ataangalia.

Si bora wafute tu haraka haki itendeke, wanasubiri nini?

Ngoja nikupe mfano wa India, Juni 2024. Mtihani wa UGC-NET, ule wa wanaotaka kufundisha vyuo vikuu, ulifanyika tarehe 18 na watu zaidi ya laki 9 walikaa. Kesho yake tarehe 19 serikali ikaufuta wote, kwa sababu kitengo cha uhalifu wa mtandao kilileta taarifa kwamba pepa ilionekana mtandaoni kabla. Baadaye wapelelezi wa CBI wakagundua ile skrinshoti ilichezewa, pepa ilipigwa picha baada ya zamu ya kwanza kwisha alafu muda ukabadilishwa ionekane ilitoka mapema. Mtihani ulikuwa umeshafutwa, watu wakaurudia kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka mwanzoni mwa Septemba.

Kuna mtu alisafiri mbali akalala stendi, kuna aliyeomba ruhusa kazini na hatapewa tena, na hao hawakuiba kitu. Mimi naona kufuta bila kuhakiki ni dhuluma kama dhuluma nyingine, na inauma zaidi kwa sababu anayeumia ni yule asiye na pesa ya kujaribu mara ya pili.

Basi wanaangalia idadi ya walioiona? Wakifika wangapi ndo inafutwa?

Hakuna namba. Nchi ni hiyo hiyo India, mitihani ya kuingia udaktari. Mwaka 2015 (enzi hizo ukiitwa AIPMT) watahiniwa waliotajwa kufaidika walikuwa 44, kati ya watu zaidi ya laki 6, na Mahakama ya Juu ikafuta mtihani mzima. Mwaka 2024 mtihani huo ukiwa unaitwa NEET, waliotajwa walikuwa kama 155, kati ya watu zaidi ya milioni 2, na mahakama hiyo hiyo ikakataa kufuta. Watu walikasirika sana, wanasema 44 mmefuta 155 mmeacha, hii haki gani.

Ila angalia uvujaji wenyewe ulivyokuwa. 2015 majibu yalirushwa kwa vifaa vya mawasiliano kwenda kwa watu waliotawanyika majimbo mengi, wale 44 ni waliopatikana mpaka siku ile tu, hakuna aliyeweza kuapa kwamba hakuna mia nyingine au elfu nyingine. 2024 ushahidi uliofika mahakamani ulionyesha njia moja: asubuhi ya tarehe 5 Mei kwenye kituo kimoja mji wa Hazaribagh watu walifungua sanduku la pepa wakapiga picha, zikatatuliwa haraka na watu waliokodiwa, majibu yakapelekwa kwa kundi la watahiniwa mpaka mji wa Patna wakakariri. Kwa hiyo mahakama ikauliza, je waliochafuka tunaweza kuwatenga na walio safi? 2015 jibu lilikuwa hapana, 2024 likawa ndiyo.

Hicho ndo kipimo chenyewe, na ukikishika utaelewa karibu kila uamuzi wa namna hii. Mia na hamsini waliozungushiwa uzio wanashughulikiwa mmoja mmoja, wananyimwa matokeo, wanashtakiwa. Arobaini ambao hujui mwisho wao uko wapi wanaharibu mtihani mzima.

Na wanajuaje nani aliiona? Mtu si anaweza kukana tu?

Anaweza, ndo maana hawategemei maneno yake. Pale Patna polisi walikuta mabaki ya pepa iliyochomwa nusu, na kwenye kile kipande kilichobaki kulikuwa na namba ya pepa, kila kijitabu kina namba yake, wakaifuatilia ikawapeleka mpaka kile kituo cha Hazaribagh. Bila kale kakaratasi sijui kama wangefika.

Njia nyingine ni majibu yenyewe. Waliokodiwa kutatua pepa kwa haraka huwa wanakosea sehemu, na kila aliyekariri anabeba makosa yale yale. Watu ishirini wa vituo tofauti wakichagua jibu lile lile la uongo kwenye maswali yale yale, hiyo sio bahati. Pia wanaangalia mtu aliyepata maswali magumu yote alafu akakosa mepesi ambayo hayakuwemo kwenye kipande kilichovuja.

Lakini takwimu za jumla zina kikomo na watu wa mitihani hawapendi kulisema hili kwa sauti. Ukichora alama za watu milioni 2 kwenye grafu, wezi 155 hawaonekani kabisa, wamemezwa. Grafu safi inakwambia hakukuwa na uvujaji mkubwa, haikwambii hakukuwa na uvujaji. Kwa hiyo baraza likija na grafu peke yake bila upelelezi, msikubali haraka.

Wakiamua kubadilisha pepa, hiyo mpya wanaitoa wapi, wanaitunga usiku?

Hapana, baraza makini linakuwa na seti ya akiba iliyotungwa na kuhakikiwa pamoja na ile ya kwanza. Tabu ni kuchapa upya, kufunga kwa lakiri na kusafirisha kila kituo, ndo maana kama akiba haijasambazwa mapema wanaahirisha wiki kadhaa. Ethiopia mwaka 2016 pepa ya Kiingereza ya kuingia chuo kikuu iliwekwa mtandaoni hadharani, nchi nzima ikaiona, mtihani ukasimamishwa tarehe 30 Mei watahiniwa kama laki 2 na nusu wakasubiri mpaka Julai. Pale hata hakukuwa na wa kutenga, hakuna cha mjadala.

Mwanangu hakuona kitu ila kituo chao matokeo yamezuiwa. Tufanyeje?

Pole sana mama. Kuzuiwa sio kufutwa, maana yake bado wanachunguza. Andikeni barua mapema kwa baraza kupitia mkuu wa shule, muulize tuhuma ni ya kituo kizima au ya mtahiniwa mmoja mmoja, na muombe mwanao asikilizwe kabla ya uamuzi. Ambatanisha matokeo yake ya majaribio na ya madarasa ya nyuma, kwa sababu wanachotafuta ni alama iliyoruka ghafla, na mtoto aliyekuwa anapata 70 akipata 72 hajaruka popote. Ulizeni pia mwisho wa kukata rufaa ni lini, huo muda huwa mfupi.