Barua ya ufadhili kwa mwalimu asiye na cheo

"Nafundisha hisabati sekondari ya kijijini na naomba ufadhili kamili wa uzamili wa uongozi wa elimu. Sijawahi kuwa mkuu wa shule, na barua yangu imejaa shida za mazingira tu. Nirekebishe wapi?"

Mwalimu, shida zipe sentensi mbili, basi. Msomaji wa barua anatafuta uamuzi ulioufanya na wenzako uliowashawishi. Hivyo havihitaji cheo.

Ukiandika "niliongoza juhudi za kupunguza utoro," hujamwambia kitu. Linganisha na hii: "Nilipopitia daftari la mahudhurio niliona wanafunzi 14 kati ya 40 hukosa kipindi cha kwanza, wengi wakitoka mbali. Nilimwomba mkuu wa shule na walimu wawili tuhamishie hisabati kipindi cha tatu. Muhula uliofuata waliokosa walikuwa 5." Weka namba zako halisi, maana kwenye usaili utaulizwa umezipataje.

Kisha sema kilichokushinda. Wengi hukificha, kumbe ndicho kinachobeba barua. Labda mwalimu mmoja alikataa na ratiba ikarudi ilivyokuwa, nawe hukujua namna ya kusimamia mabadiliko kati ya watu wa ngazi yako. Hapo taja somo moja la kozi hiyo, kwa jina lake, linaloziba pengo hilo. Ukifuta jina la chuo na barua bado ikafaa kutumwa kwingine, bado hujamaliza.

Kuhusu kurudi shuleni baada ya masomo, usiahidi kubadilisha elimu ya taifa. Andika utakachojaribu shuleni muhula wa kwanza.