Basi halikuondoka Kange, karani anasema hela hairudi

Swali: "Nilikata tiketi ya Tanga–Dar ya saa 12 asubuhi, nauli 20,000 na bukingi 2,000. Nimefika Kange naambiwa basi bovu, haliondoki. Karani ananionyesha nyuma ya tiketi pameandikwa hela ikishalipwa hairudishwi, nipande kesho au nipoteze. Ndo sheria hiyo?"

Hapana dada, sio sheria, na kati ya maneno yote yanayosemwa stendi hakuna linaloniudhi kama hilo. Nimekaa dirishani nakata tiketi miaka mingi, hayo maandishi nayajua. Yaliwekwa kwa ajili ya abiria anayebadili mawazo mwenyewe, mtu kalala nyumbani basi limeondoka na siti yake tupu, halafu saa 4 anakuja kudai hela. Huyo siti yake haiwezi kuuzwa tena. Wewe ulifika, tiketi mkononi, basi ndo halikwenda. Aliyevunja makubaliano ni mwenye basi, hawezi kujificha nyuma ya sentensi aliyoiandika yeye mwenyewe.

Sasa watu wanachanganya hela mbili, nauli na bukingi. Nauli ni ya kukufikisha Dar. Bukingi ni malipo ya kukushikia siti na kukuandikia tiketi. Ukiahirisha mwenyewe, kazi ya bukingi imeshafanyika, hiyo 2,000 usiihangaikie sana, gombania nauli, na hapo muda ndo unaamua: ukisema jana yake mchana siti inauzika, ukisema basi linapiga honi haiuziki. Kwa hiyo makato kidogo kwa aliyewahi ni sawa, ila asikatwe yote. Lakini basi lisipoondoka, siti uliyoshikiwa haipo, kwa hiyo unadai zote, 22,000. Mtu akikurudishia 20,000 akasema bukingi haihusiki, mwambie alikushikia siti ya wapi?

Wakikuhamishia basi lingine siku hiyohiyo, angalia daraja. Ulilipia daraja la kati wanakupandisha la kawaida, tofauti ya nauli ni yako, idai kabla hujapanda maana ukishashuka Mbezi hakuna atakayekusikiliza.

Na hapa ndo wengi wanapoteza. Karani anasema "lete tiketi nikubadilishie tarehe", abiria anampa, anaichana, anaandika mpya ya kesho. Hapo dai lako limeisha. Umekubali makubaliano mapya, ukirudi baadaye kudai hela atakwambia wewe mwenyewe ulichagua kusafiri kesho, na ushahidi wa jana uko kwenye pipa la taka. Kama unataka hela usiitoe tiketi mpaka uhesabu noti mkononi. Mwambie aandike nyuma yake "basi halikuondoka", tarehe, saa, agonge muhuri. Akikataa ipige picha hapohapo dirishani, pande zote mbili, na ule ujumbe wa malipo kwenye simu usiufute. Akiendelea kugoma andika malalamiko kwa kampuni, nakala yako ibaki, kisha peleka LATRA na hivyo vitu vyote.

Kuna hasara nyingine pia, mfano ulilala gesti kwa sababu yao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa makubaliano fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko, ila inaangalia pia kama ungeweza kuipunguza. Gesti ya kawaida yenye risiti inaeleweka. Ukikodi teksi peke yako mpaka Dar na mabasi mengine yalikuwepo, usitegemee kulipwa.

Yote hayo yanawezekana kama hela iliingia kwa kampuni, na hapo ndo naumia na wapiga debe. Kuna mama alikuja dirishani kwangu anasafiri na mtoto mgonjwa, kashika kikaratasi kimeandikwa kwa peni, namba ya siti tu na jina lake, hamna namba ya gari, hamna muhuri. Hela alituma kwenye simu ya kijana aliyemkuta getini, aliyemwambia bukingi ofisini ni ghali. Nikafungua kitabu, kishina chenye siti ile kina jina la mtu mwingine. Kwenye hesabu zetu yule mama hakuwepo kabisa, na namba ya kijana haipokelewi. Sikuwa na nauli ya kumrudishia kwa sababu hatukuwahi kuipokea. Kabla hujatuma hata shilingi, lile jina linalotokea kwenye simu la mpokeaji lisome, likiwa la mtu binafsi badala ya kampuni acha, nenda dirishani ukate huko, na tiketi iwe na jina la kampuni, namba ya gari, tarehe, saa ya kuondoka na nauli uliyolipa kamili, sio pungufu.