Kabla ya kutoa arubuni, jua unamdai nani

Nyinyi mnaoanza kazi ya manunuzi hapa Unguja mtaletewa ankara nyingi zenye vichwa vya kupendeza, nami nawaombeni mzoee kuuliza, kabla ya kutoa arubuni, ni nani hasa atakayedaiwa mali isipofika.

Nilipokuwa mgeni wa kazi hii, nilimlipa fundi mmoja wa Mwanakwerekwe shilingi 6,000,000, nusu ya bei ya milango 20. Kibao chake kilikuwa kikubwa, nami nikaamini kwamba ni kampuni. Cheti alichonipa, ambacho sikukisoma, kilikuwa cha usajili wa jina la biashara, na mmiliki aliyeandikwa alikuwa yeye peke yake. Jina la namna hiyo si mtu mbele ya sheria. Ni vazi tu, na aliyelivaa ni mwenye biashara mwenyewe.

Fundi alifariki milango minane ikiwa tayari. Kwa kuwa yeye na biashara yake walikuwa kitu kimoja, mkataba wetu ulibaki bila wa kuutekeleza, lakini deni liliingia katika mirathi yake, na deni la maiti hutolewa kabla warithi hawajagawana. Tulichukua milango minane, yenye thamani ya shilingi 4,800,000, tukabaki tunadai 1,200,000. Mwanawe mkubwa aliitazama stakabadhi kwa muda, kisha akasema, "Baba hakutuachia kampuni, bwana, ametuachia randa na deni lako." Walilipa, ila kwa vipande vipande.

Ingekuwa biashara ya ubia, ningebisha hodi kwa mbia aliyebaki siku ya pili yake, kwani kila mbia hudaiwa deni lote la ubia, hata kwa mali yake binafsi, na hata kama hakuwepo mwenzake alipopokea fedha.

Ingekuwa kampuni, kifo cha mkurugenzi kisingeugusa mkataba, maana kampuni ni mtu wa peke yake kisheria. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kwamba neno Limited mwishoni mwa jina ni dhamana kwa mteja, ilhali ukomo huo unawakinga wenye hisa: kampuni ikifilisika, nyumba zao kwa kawaida hazifikiwi. Ndiyo maana kampuni changa, isiyo na mali inayoonekana, mimi huipa arubuni ndogo, au humtaka mkurugenzi atie saini ya udhamini kwa nafsi yake.

Cheti kihakikisheni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, kisha mlinganishe jina lililomo na la kwenye ankara na la akaunti ya benki. Ankara ikiwa ya kampuni na akaunti ikawa ya mtu binafsi, msilipe, kwa sababu kesho kampuni itasema haikupokea kitu.