Nilivyochoma akaunti kwa faranga ya Uswisi

"Wakuu, naanza foreksi. Jamaa kaniambia sarafu iliyofungwa na benki kuu ni salama kuliko zinazoelea, maana bei haichezi. Ni kweli?"

Mkuu, hata mimi niliamini hivyo hadi Januari 15, 2015.

Septemba 2011 watu walikuwa wanaikimbia yuro na kununua faranga, ikapanda mno hadi wauzaji bidhaa nje wa Uswisi wakaanza kulia. Benki kuu yao ikatangaza kwamba yuro moja haitashuka chini ya faranga 1.20, na kwamba itachapa faranga na kununua yuro kadiri itakavyohitajika. Kwa sisi wachuuzi wa sarafu ilionekana kama hela ya bure: nunua yuro bei ikikaribia 1.20, maana chini kuna mnunuzi asiyeishiwa hela.

Nilinunua yuro 20,000 kwa 1.2010, karibu zote mkopo wa broka, na oda ya kuzuia hasara nikaiweka 1.1990. Kwa hesabu yangu, mambo yakiharibika napoteza faranga 40.

Januari 15 hiyo ya 2015, saa sita na nusu mchana kwa saa zetu, benki ikatangaza kwamba imeacha. Oda yangu ilitekelezwa kwa 1.0300. Zidisha 0.1710 kwa 20,000 upate faranga 3,420, wakati akaunti nzima haikufika nusu ya hapo. Broka akanidai zilizobaki.

Watu wengi hawajui hili: oda ya kuzuia hasara haikuhakikishii bei. Ni agizo la kuuza kwa bei yoyote atakayotoa mnunuzi wa kwanza. Chini ya 1.20 mnunuzi mkubwa alikuwa ni benki yenyewe, na ilipoondoka pakabaki shimo.

Sarafu inayoelea inakuumiza mara kwa mara, ila kidogo kidogo. Shilingi ya Kenya ilitoka karibu 160 kwa dola Januari 2024 hadi karibu 130 kufikia Aprili. Ni mwendo mkali, lakini ulichukua wiki kadhaa na aliyekosea alikuwa na nafasi ya kutoka njiani.

Dalili zilikuwepo, nilizipuuza. Bei iliganda juu kidogo tu ya 1.20 kwa wiki nyingi, yaani benki ilikuwa inanunua bila kupumzika. Desemba ikatangaza riba hasi ili watu wasishike faranga. Na Benki Kuu ya Ulaya ilitarajiwa kumwaga yuro nyingi zaidi Januari hiyo hiyo.

Sisemi kila kifungo hukatika. Riali ya Omani iko kwenye dola 2.60 tangu 1986. Ila ukigusa sarafu iliyofungwa, usipime hatari kwa umbali wa oda yako. Jiulize bei ikiruka asilimia 20 kwa dakika moja itakuwaje. Kwa yuro 20,000 hiyo ni yuro 4,000. Kama akaunti haiwezi kuibeba, punguza ukubwa wa biashara kabla hujabonyeza.